Kuuza Urithi wa Baba Aliye Hai: Kwa Nini Mnunuzi Hubaki na Karatasi

Katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Kibosho hadi Marangu, ardhi imebanwa kiasi kwamba mtoto wa kiume anaweza kufikisha miaka 40 akiwa bado anaishi kwenye kihamba cha baba yake, yaani shamba la familia lenye nyumba na migomba, bila kuwa na hata mgomba mmoja anaoweza kuuita wake. Anajua, kwa desturi na kwa maneno ya wazee, kwamba siku moja sehemu fulani itakuwa yake. Anapobanwa na ada za shule, ugonjwa au deni la biashara, matumaini hayo huanza kuonekana kama mali, na mara nyingi hujitokeza mtu mwenye fedha aliye tayari kuyanunua. Huandikwa karatasi: fulani amemuuzia fulani sehemu yake ya kihamba cha baba, na mnunuzi atakabidhiwa baba atakapofariki. Mashahidi hutia saini, mwenyekiti wa kitongoji hugonga muhuri, na fedha huhesabiwa mezani.

Makala haya yanahusu karatasi hiyo, na hoja yake kuu ni kwamba, kwa sehemu kubwa, aliyeishika hana ardhi, hana dai juu ya mirathi, na akiwa na bahati ana dai la fedha dhidi ya mtu mmoja tu, yule aliyezipokea.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye sura inayofahamika. Mzee mmoja wa Moshi Vijijini ana kihamba cha ekari moja, mke, binti wawili na wana wawili. Kitinda mimba, ambaye kwa desturi ya Wachagga ndiye anayetazamiwa kubaki na nyumba ya wazazi na eneo linaloizunguka, anamuuzia mfanyabiashara wa mjini robo ekari ya upande wa barabarani kwa shilingi milioni 8. Anapokea milioni 5 papo hapo, na milioni 3 zitalipwa baada ya mazishi ya mzee. Mzee mwenyewe hakuitwa. Mpaka unaelezwa kwa kutaja masale yaliyopo, mimea ambayo Wachagga huipanda kuonyesha mipaka, jambo linaloipa karatasi hiyo sura ya uhakika mkubwa.

Swali la kwanza ambalo hakimu angeuliza si kama saini ni za kweli. Angeuliza siku ile kitinda mimba alikuwa na nini cha kuuza. Ardhi ilikuwa ya baba yake, ambaye alikuwa hai, mwenye akili timamu, na aliyekuwa na uhuru wote wa kuilima, kuiuza, kuigawa au kuiandikia wosia. Mtoto hakuwa mmiliki mwenza wala hakuwa na sehemu iliyosubiri muda ufike. Alichokuwa nacho ni uwezekano wa kurithi. Mahakama za Tanzania zimeshikilia kwa miaka mingi kanuni kwamba asiye na haki juu ya ardhi hawezi kumpa mwingine haki juu ya ardhi hiyo, hata kama mnunuzi alilipa kwa nia njema na hakujua kasoro. Nchini India, sheria ya mwaka 1882 ya uhamishaji wa mali iliandika kanuni hii waziwazi: nafasi ya mtu kurithi, au ya ndugu kuachiwa kitu na jamaa yake, haiwezi kuhamishwa. Kenya ilitumia sheria hiyohiyo hadi ilipopata Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012.

Udhaifu wa uwezekano huo huonekana zaidi mtu akihesabu mambo yanayoweza kuufuta. Mzee anaweza kuugua na kuuza upande uleule wa barabarani ili alipie matibabu. Anaweza kuandika wosia, akaufuta na kuandika mwingine, kwa sababu wosia hauna nguvu yoyote hadi aliyeuandika afariki. Anaweza kuamua kumkatia binti yake eneo lile angali hai. Yote hayo ni halali, na mzee hawajibiki kwa mfanyabiashara hata kwa shilingi moja, maana hakumuahidi chochote. Mtoto naye anaweza kufa kabla ya baba. Hapo warithi wake, ikiwa watapata chochote kutoka kwa babu yao, watakipata kutoka kwa babu; hawafungwi na ahadi ya marehemu baba yao juu ya ardhi ambayo hakuwahi kuimiliki. Mnunuzi angelazimika kwenda kudai milioni 5 zake katika mirathi ya kitinda mimba, ambayo huenda ina pikipiki na madeni.

Kwa familia za Kiislamu, kama zile zenye nyumba za kupangisha katika kata za zamani za Arusha mjini, jambo hili lina hesabu yake. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa mafungu ya mirathi yamewekwa, mtoto anajua tangu leo atapata nini. Mafungu ni yale yale, lakini watu wa kugawiwa hawajulikani hadi mwenye mali anapofariki, na kila mrithi ni lazima awe hai wakati huo. Mtu mwenye mke mmoja, mwana mmoja na binti wawili akifariki, mke hupata thumni, na zinazobaki, yaani 7/8, hugawanywa kwa mafungu manne: mwana mawili, kila binti moja. Mwana huyo angepata 7/16, karibu asilimia 44. Lakini baba akizaa mwana mwingine kabla ya kufariki, 7/8 zitagawanywa kwa mafungu sita, na yule wa kwanza atapata 7/24, kama asilimia 29. Aliyekuwa ameuza "karibu nusu ya nyumba" atakuwa ameuza kitu ambacho hata hesabu haikitambui. Hii ndiyo sababu mapatano ya mrithi kuachia fungu lake kwa malipo yanakubalika baada ya kifo, si kabla.

Hapa inafaa kutenganisha jambo ambalo watu wa Kilimanjaro wenyewe hulichanganya mara kwa mara. Kutazamia kihamba na kukatiwa kihamba ni mambo mawili. Baba akimwita mwanawe mbele ya wazee wa ukoo, akaonyesha mpaka, akapanda sale na kusema kuanzia leo hapa ni pako, na mtoto akaingia, akajenga na kulima kwa miaka, hiyo inaweza kuwa zawadi iliyokamilika angali hai mtoaji. Mtoto huyo anapouza, anauza chake, ingawa bado atakabiliwa na masharti mengine ambayo nitayagusa. Kesi nyingi za aina hii huishia kugombania swali hili la ukweli: alikatiwa, au aliruhusiwa tu kukaa? Ushahidi wa kukatiwa ni wale wazee waliokuwepo, mpaka uliowekwa siku hiyo, muhtasari kama uliandikwa, na mwenendo wa baba baadaye, hasa kama aliendelea kuvuna kahawa ya eneo lile au aliacha kabisa. Karatasi inayosema "atakabidhiwa baba atakapofariki" hujiponza yenyewe, kwa kuwa inakiri kwamba hadi siku ile ardhi ilikuwa bado ya baba.

Muhuri wa mwenyekiti haubadilishi lolote kati ya hayo. Unathibitisha kwamba watu fulani walikutana na kutia saini, basi. Hata wakili akishuhudia saini, hawezi kuumba umiliki usiokuwepo. Zaidi ya hapo, ardhi iliyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haihami kihalali kwa mtu mwingine bila idhini ya halmashauri ya kijiji, na mahakama zimebatilisha mauzo mengi kwa kasoro hiyo moja. Halmashauri haiwezi kuidhinisha leo uhamisho wa haki ambayo muuzaji bado hajaipata. Ukiona mwenyekiti amegonga muhuri peke yake na kitabu cha mihutasari ya kijiji hakina kikao chochote, jua kwamba hata uuzaji wa kawaida ungekuwa na mashaka.

Sasa tuseme mzee amefariki, miaka sita baada ya karatasi kuandikwa, na hakuacha wosia. Mnunuzi huja na bahasha yake siku chache baada ya mazishi, akidhani muda umefika. Kisheria, hata sasa kitinda mimba hajawa mmiliki wa robo ekari. Mali ya marehemu huwa chini ya msimamizi wa mirathi, ambaye hupendekezwa na kikao cha ukoo na kuteuliwa na mahakama. Familia nyingi za vijijini hufungua shauri hilo Mahakama ya Mwanzo, kwa mamlaka inayotokana na Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Msimamizi hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, ndani ya miezi minne isipokuwa mahakama iongeze muda, kisha taarifa ya mgawanyo kwa Fomu Namba 6. Anakusanya mali, analipa madeni ya marehemu, kisha anagawa kilichobaki.

Mfanyabiashara wetu ataingilia wapi katika mlolongo huo? Mara nyingi huweka pingamizi, akiomba robo ekari itolewe kwenye orodha kwa kuwa aliinunua. Atakuta milango miwili imefungwa. Si mrithi, kwa hiyo hana fungu. Wala si mdai wa marehemu, kwa sababu marehemu hakupokea fedha yake wala hakumuahidi kitu. Deni ni la mtoto, na msimamizi anayelipa deni binafsi la mrithi mmoja kutoka kwenye mali ya wote atakuwa ametumia vibaya madaraka yake. Kama msimamizi aliyeteuliwa ni binti mkubwa, naye akagawa upande wa barabarani kwa mama na akampa kitinda mimba eneo la nyuma lenye mteremko, mnunuzi hana cha kumshtaki binti huyo.

Upo upande mmoja ambao mwandishi mwaminifu hawezi kuuruka, kwa sababu mawakili wa wanunuzi huutegemea. Tuseme mgao umekwenda vilevile kama karatasi ilivyotabiri, na robo ekari ya barabarani imeangukia mikononi mwa kitinda mimba. Sheria ya Tanzania ilipokea kanuni za haki za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kwa kanuni hizo, ahadi iliyolipiwa ya kuhamisha mali ya baadaye, ijapokuwa haihamishi chochote siku ya kuandikwa, inaweza kumfunga aliyeahidi siku mali inapomfikia. Ahadi isiyolipiwa haina nguvu hiyo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba karatasi kama hii haiwezi kamwe kuwa na matokeo. Inawezekana kumshitaki kitinda mimba ili alazimishwe kutimiza ahadi yake.

Lakini tazama vikwazo vilivyobaki njiani. Mahakama hizohizo za Kiingereza, tangu karne ya 18, ziliwatazama kwa jicho la shaka watu waliowanunulia vijana wa koo tajiri urithi wao wa baadaye, kwa kuwa mnunuzi ni mwenye fedha na subira, na muuzaji ni mwenye shida na haraka. Bei ikiwa ndogo mno ukilinganisha na thamani, mapatano yaliweza kubatilishwa. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inadai ridhaa huru, na inaruhusu mkataba kutenguliwa pale mtu aliye na nguvu juu ya mwingine alipoitumia kujipatia faida isiyo ya haki. Robo ekari ya barabarani ambayo ingeuzwa milioni 20 ikinunuliwa kwa milioni 8, na milioni 3 kati ya hizo kulipwa mtu akishazikwa, inaibua maswali yenyewe. Pia, kama kitinda mimba ameoa na nyumba ya ndoa ipo kwenye eneo lile, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mkewe dhidi ya kuuzwa kwa nyumba hiyo bila ridhaa yake. Ukoo nao utakuwa na la kusema, kwa kuwa kihamba cha ukoo kwa desturi hakipelekwi kwa mgeni kabla ndugu hawajapewa nafasi ya kukinunua. Na halmashauri ya kijiji bado haijaketi. Mnunuzi anaweza kuvuka kikwazo kimoja au viwili, lakini wachache huvuka vyote.

Ipo sababu nyingine ambayo haiandikwi sana kwenye hukumu, ingawa mifumo mingi ya sheria imeihisi. Wanasheria wa Ulaya waliorithi sheria ya Kirumi waliyaita mapatano ya namna hii kwa jina la kunguru, ndege anayezunguka juu ya kitakachokufa. Mtu anayedai milioni 3 siku ya mazishi, na mwingine anayepata ardhi siku hiyohiyo, wote wawili wana faida katika kifo cha mzee ambaye hajui lolote. Sheria ya Mikataba hukataa lengo linalokwenda kinyume na maslahi ya umma, na wakili wa upande wa familia hawezi kukosa kulisema hilo.

Kuna wanunuzi wanaojaribu kujihami kwa kuingia shambani mapema. Kitinda mimba humruhusu mfanyabiashara kulima mboga upande wa barabarani, kwa siri au kwa kumwambia mzee kuwa ni rafiki aliyeomba kulima. Miaka 12, ambayo ni ukomo wa kudai ardhi mahakamani, hutajwa kama kinga. Hesabu hiyo haimsaidii. Aliyekaribishwa hawezi kumgeukia mwenyeji wake na kudai shamba, hata akikaa miaka mingi kiasi gani. Na aliyeingia bila ruhusa ya mzee ni mvamizi ambaye mzee anaweza kumwondoa wakati wowote kabla muda huo haujaisha. Akijenga ukuta wa tofali, anajenga juu ya ardhi ya mtu mwingine, na fidia ya ukuta huo si jambo la kutegemea.

Kuweka urithi rehani ni kisa kilekile kikiwa na riba. Mkopeshaji wa mtaani, hasa wa ile mikopo inayoitwa kausha damu, huchukua nakala ya hati ya baba na barua ya mtoto inayosema deni lisipolipwa sehemu yake ya nyumba itakuwa ya mkopeshaji. Rehani ya ardhi huwekwa na mwenye haki ya kumiliki ardhi hiyo, na rehani ya ardhi yenye hati husajiliwa kwa msajili wa hati. Mtoto hana haki hiyo, na nakala ya hati ni karatasi ya kusoma tu. Hata hati halisi ikichukuliwa kabatini bila mzee kujua, mkopeshaji hapati rehani. Anapata kesi, maana mzee anaweza kuidai. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji binafsi naye anatakiwa kuwa na leseni, kwa hiyo asiye nayo ataanza shauri lake akiwa na kasoro yake mwenyewe. Mkopo wenyewe ni deni la aliyekopa, si la nyumba.

Tukirudi kwa milioni 5, hapo ndipo karatasi ile inapokuwa na thamani. Sheria ya Mikataba inasema kwamba makubaliano yakigundulika kuwa ni batili, aliyepata faida kwayo anatakiwa kuirudisha au kuifidia. Kwa hiyo shauri lenye nafasi nzuri ya kufanikiwa halisemi "nipewe robo ekari", bali linasema "nilimlipa huyu milioni 5, ushahidi ni huu, arudishe". Karatasi, ujumbe wa simu na miamala ya benki au ya mtandao huwa ushahidi mzuri wa malipo. Mnunuzi aliyepoteza miaka mitatu akipigania ardhi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hushtuka akiambiwa kwamba alipaswa kudai fedha, na dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6. Miaka hiyo ianze kuhesabiwa lini ni hoja ambayo mawakili hubishana, kati ya siku ya malipo, siku kasoro ilipojulikana na siku muuzaji alipokataa, na ndiyo maana kukaa kimya hadi mzee afe ni hatari zaidi kwa mnunuzi kuliko kudai mapema. Fedha ikirudi, hurudi ikiwa imeliwa na miaka, kwa kuwa milioni 5 za leo hazinunui kile zilichonunua wakati ule, na riba hutolewa kwa kadiri mahakama itakavyoona.

Kama muuzaji alisema uongo, kwa mfano alidai kwamba baba ameshafariki au kwamba ameshakatiwa, jambo linaweza kuvuka mpaka na kuwa jinai ya kujipatia fedha kwa udanganyifu chini ya Kanuni ya Adhabu. Mnunuzi aliyejua fika kwamba mzee yu hai hana nafasi hiyo, kwa sababu hakudanganywa.

Mtu anayetaka kweli kununua upande ule wa barabarani ana njia mbili tu zinazoshikika. Ya kwanza ni kwenda kwa mzee mwenyewe. Akiuza yeye, mkewe akaridhia, ukoo ukaarifiwa na halmashauri ya kijiji ikakaa na kuandika muhtasari, mtoto anaweza kupewa fedha zote na baba yake kama ndivyo walivyoelewana, na mnunuzi akaingia shambani wiki hiyohiyo. Mzee akikataa, mnunuzi ameshajibiwa na mtu pekee mwenye jibu. Ya pili ni kusubiri: mzee afariki kwa wakati wake, msimamizi ateuliwe, Fomu Namba 6 iwasilishwe na mahakama ifunge shauri la mirathi. Kabla ya hapo hata mrithi halisi hawezi kumkabidhi mtu eneo mahususi, ila msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kuuza kwa niaba ya mirathi. Baada ya hapo kitinda mimba atakuwa na kipande chenye mpaka na jina, na bei itajadiliwa upya, huenda kwa zaidi ya milioni 8, na mnunuzi akilipa atakuwa analipia ardhi.